Desa Lililofaulisha Wengine

Daftari langu la famakolojia lilipitishwa kwenye mashine ya fotokopi mara nyingi hadi jalada likalegea. Karibu nusu ya darasa walisoma kwa desa hilo, wakafaulu. Mimi, mwenye daftari, nilipata sapu, nirudie mtihani.

Nilikuwa muuguzi wa miaka mingi katika zahanati moja upande wa Maneromango, nimerudi chuoni Kibaha kutafuta stashahada. Nilipanga chumba mtaa wa Sofu pamoja na binti wa darasani kwetu ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu. Sheria ilikuwa wazi: ukianguka tena kwenye mtihani wa marudio, umedisko, unafungasha virago. Nilijiona nikirudi zahanati na cheti kilekile nilichoondoka nacho.

Kilichonikera zaidi ni kwamba sikuwa mvivu. Mhadhiri akianza kusema, nami nilianza kuandika, na sikuinua uso hadi anyamaze. Vichwa vya mada kwa wino mwekundu, maelezo kwa bluu, Kiingereza chake nikikidaka kama kilivyoanguka. Kutoka kitabuni nilinakili aya nzima, kisha nikazipigia mstari karibu zote. Jioni niliyapitia maelezo yote tena, na kila sentensi niliyoitambua ilinituliza: hii naijua.

Siku ya matokeo binti aliingia chumbani taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepata nini?"

"B. Kwa desa lako." Alijitahidi asicheke. "Usinune basi. Hebu nikuulize. Mama mwenye kifafa cha mimba, kabla hujamrudishia sindano ya magnesiamu unamgonga goti. Kwa nini?"

Magoti hayo nilikuwa nimeyagonga tangu yeye hajajua kusoma. "Ndio utaratibu," nikajibu.

"Utaratibu! Mwandikie hivyo mhadhiri uone."

"Mbona nimeandika mle ndani!"

"Ndani ya daftari, ndiyo. Utaingia nalo?"

Akanionyesha fotokopi yake. Pembezoni mwa mwandiko wangu mzuri alikuwa amejaza maswali kwa penseli. Alifunika maelezo kwa karatasi, akajijibu kwa sauti, kisha akafunua kujisahihisha. Dawa ikizidi mwilini, alisema, goti huacha kushtuka kabla pumzi haijaanza kuzorota. Kwa hiyo goti linakuonya mapema. Nilifunua mahali pale. Maelezo yalikuwepo, kwa mkono wangu, kwa wino wa bluu. Nilikasirika nisijue nimkasirikie nani.

Nilianza kumuiga, na nilianza vibaya. "Magnesiamu ni nini?" niliandika pembezoni.

"Hilo mama unalijibu umelala," akasema. "Uliza kwa nini. Uliza ikitokea hivi utafanyaje."

Darasani nikajilazimisha kusikiliza kwanza, ndipo niandike kwa kifupi na kwa maneno yangu, nikiacha pembezo pana. Alasiri hiyohiyo, somo likiwa bado kichwani, niliandika maswali. Kitabu nacho nilisoma sehemu moja, nikakifunga, nikaandika nilichokielewa, nikakifungua tena kujisahihisha. Mara nyingi nilikuta nimeandika upuuzi. Hapo pia ndipo nilipogundua kwamba sentensi nyingi za Kiingereza nilizozinakili sikuwahi kuzielewa. Nikayajibu maswali kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya mtihani, kazi ile ile mara mbili.

Niliichukia njia hiyo. Kusoma upya kulikuwa kukinisifu. Karatasi iliyofunika maelezo ilinidharau. Nilikaa mbele yake, na binti akipita na ndoo ya maji aliuliza, "Bado tu?" Swali lililonishinda nililiwekea nukta, nikalirudia kesho yake. Nililoliweza nililisogeza mbele siku kadhaa, na likirudi, wakati mwingine jibu lilikuwa limekwisha kunitoka.

Kwenye mtihani wa marudio hawakuuliza goti. Walieleza mgonjwa aliyeanzishiwa magnesiamu ambaye mkojo wake umepungua sana, wakataka tuseme kama tungempa dozi inayofuata, na sababu. Ukurasa haukunijia machoni. Lilinijia swali langu mwenyewe la penseli: kwa nini tunapima mkojo? Kwa sababu figo ndizo zinazoitoa dawa hii. Mkojo ukipungua, dawa hujikusanya mwilini. Nikaandika kwamba ningeizuia dozi, nimwite daktari, nikaeleza kwa nini.

Nilipata C. Baada ya kazi yote ile, C. Lakini nilibaki chuoni.

Muhula uliofuata mwenzetu mmoja alinirudishia daftari kabla hajalitoa fotokopi.

"Mama, hili desa gani? Maswali matupu! Majibu yako wapi?"

"Hayo maelezo mafupi ya kulia. Yafunike kwanza ujibu."

"Aa, umetuharibia." Akaenda kutafuta daftari la mtu mwingine.

Nilitaka kumwita nimweleze. Lakini swali la kwanza la ukurasa aliouacha wazi lilikuwa na nukta, na bado lilikuwa likinishinda. Nikaweka karatasi juu ya maelezo, nikaanza upya.