Fahali Chongo na Kamera ya Amerika

Euphrasia alikuwa mshonaji wa sare za kwaya pale Butiama, na kama washonaji wengi aliamini kila binadamu amekatwa vibaya ila anarekebishika. Ndiyo maana alitunga igizo juu ya baba anayemkataa mkwe kwa sababu fahali wa mahari ana chongo. Fahali wa kikundi chao cha maigizo cha parokia alikuwa chongo kweli, na aliigiza kuliko watu. Walipokubaliana kulitia igizo kwenye video, lionyeshwe sikukuu ya parokia, Euphrasia alitembea wiki nzima kama aliyepakwa mafuta.

Kisha mwenyekiti, Mzee Wanzagi, akafungua mdomo.

“Tunanunua kamera. Yetu! Sitaki kikundi changu kiitwe cha waazimaji.”

Ulikuwa wakati wa ruksa, serikali ilipofungulia bidhaa za nje mlango. Juzijuzi tu sabuni ilikuwa ikitafutwa kama mchumba, na sasa Musoma kulijaa makoti ya mitumba ya kuvaliwa kwenye theluji, na kulikuwa na mtu aitwaye Kwangu, aliyeletewa kamera ya begani na shemeji yake wa Amerika. Alikuwa tayari kuibadilisha na fahali.

“Mzee,” Euphrasia akasema, “fahali akienda, nani ataigiza fahali?”

“Tutamvika Felisian ngozi.”

Felisian, katibu mwenye shingo iliyozama mabegani, akaacha kutabasamu.

Kesho yake Euphrasia akapanda gari hadi Musoma kwa Silasi, mpiga video wa harusi, akiwa na orodha ndefu ya vitu alivyodhani sinema haiwezi kuvikosa. Silasi akaisoma, akacheka mpaka akakohoa.

“Dada, unapiga mchana au usiku?”

“Mchana.”

“Basi futa taa. Taa zikiondoka, jenereta inaondoka nazo. Badala yake leta shuka jeupe, litarudisha jua usoni mwa watu. Mguu wa kamera usiufute, mkono wa mtu unatetemekaga. Maikrofoni ya waya lazima, na vya kusikilizia masikioni, maana upepo wa ziwani unaongeaga kuliko waigizaji. Betri za akiba nazo lazima, zichajiwe huku huku mjini, maana shambani mtachajia wapi? Na kaseti mpya, siyo ile ya harusi ya shangazi.”

“Na kamera?”

“Nakukodisha, na mimi naja nayo. Ikigoma, ugomvi ni wangu. Ukinunua ikagoma, ugomvi ni wako na Mungu.”

Euphrasia aliporudi na habari hiyo, Mzee Wanzagi alitingisha fimbo.

“Kitu cha kukodi ni kama shati la kuazima. Unacheza ngoma huku mwenye shati anakukodolea macho!”

“Mzee, shamba lako la mtama mwaka jana nani alilima?”

“Maksai wa Matiko.”

“Uliwanunua?”

“Wazimu huo! Nilishe maksai mwaka mzima kwa kazi ya siku mbili?”

Watu wakaangalia chini kwa heshima, mabega yakitingishika.

“Lakini,” mzee akajikaza, “kamera hailagi majani.”

“Inakulaga betri. Sawa, twende tukaionje basi. Hata ng'ombe mnamshikaga meno kabla ya kununua.”

Hilo lilimgusa mzee mahali pa ufugaji. Akavaa koti lake la kupokelea Ekaristi, wakaenda Musoma, Felisian nyuma yao. Kwangu, kwa betri iliyokuja na chaji yake kutoka Amerika, akampiga picha akitembea kwa madaha mbele ya duka la Silasi, kisha Euphrasia akaomba kaseti ichezwe kwenye deki ya Silasi.

Kioo kikawaka. Mzee Wanzagi akatokea bila rangi, amekatika vipande, kichwa kikipanda juu na kuchomoza tena chini kikizifukuza buti zake. Sauti ikavutika, nzito, kama ya dume lililokwama kwenye tope.

“Huyo ni nani?” mzee akauliza.

“Ni wewe, Mwenyekiti,” Felisian akajibu haraka, kwa furaha ambayo haikumstahili katibu.

Silasi akaeleza: kamera za Amerika zinarekodi kwa mpangilio wao, na deki na runinga zetu zina mpangilio mwingine, hazisomi ule wa Amerika. Kisha akageuza chaja, akaonyesha maandishi nyuma.

“Hii nayo inataka umeme nusu ya wetu. Chomeka hapa ukutani uone moshi.”

“Shemeji hakuniambia,” Kwangu akanong'ona.

Mzee akaangalia tena kioo, ambako kichwa chake bado kilikuwa kikizifukuza buti.

“Fahali hauzwi,” akasema. “Silasi, utakuja na miguu yako, na ya kamera.”

Wakapiga picha kwa jua kali, Felisian akishika shuka jeupe na kumshukuru Mungu kwa kila dakika ambayo hakuvaa ngozi. Fahali chongo aligeuza upande mbovu kwa baba mkwe pale pale ilipotakiwa.

Sikukuu ilipofika, wageni wa Bunda, baada ya kumpigia makofi fahali kuliko mwenyekiti, walimwuliza Mzee Wanzagi kamera ilikuwa ya nani.

“Ninyi mkila ugali,” akawajibu kwa ukali, “mnaulizaga jembe ni la nani?”