Ziara Isiyo na Sauti

Mume wa mwalimu wa Historia alikuwa na sauti ambayo ukuta wa tofali haukuweza kuizuia. Akicheka chumbani, jirani wa upande wa pili naye anatabasamu bila kujua kinachochekesha. Wenzake kazini walimbatiza jina la Kipaza, likamkaa kama shati la kushonewa. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni katika jumba la makumbusho la mji, chumba hadi chumba, akiwaeleza mitungi, vigoda, ngoma na majembe ya zamani kana kwamba ni ndugu zake anaowatambulisha kwenye harusi.

Makumbusho yalipoamua kuweka vyumba vyake kwenye mtandao, walikuja mafundi wa kampuni moja na kamera inayopiga picha pande zote kwa pamoja. Walipomaliza kupiga picha, wakauliza nani atasimulia. Hapakuwa na mjadala. Kipaza aliingizwa stoo, yakatundikwa mablanketi ukutani kuua mwangwi, akaongea siku nzima mpaka shingo ikamuuma. Tangu hapo mtu yeyote mwenye simu aliweza kuingia makumbusho akiwa kitandani kwake. Alibonyeza duara jeupe sakafuni, akasogea mbele, akabonyeza alama ya spika kando ya chombo, na Kipaza akaanza kusimulia.

Mkewe alifundisha shule ya kutwa pembezoni mwa mji. Nauli ya kulipeleka darasa zima makumbusho ilikuwa ndoto, hivyo ziara hii ya mtandaoni aliipokea kwa mikono miwili. Tatizo lilikuwa mtandao wenyewe. Shule ilikuwa na modemu moja tu, ambayo mwalimu wa kompyuta, aliyeitwa Mzee wa Waya ingawa hata mvi hakuwa nayo, aliitundika dirishani kwa kamba mahali ambapo mawimbi yalipatikana. Siku ya kwanza walipojaribu ziara nzima, picha ya chumba cha kwanza ilikuja vipande vipande, sauti ikasema "Karibu" na kunyamaza, kisha kiduara kikazunguka mpaka kengele ikagonga.

Mwalimu hakukata tamaa. Alikaa mjini Jumamosi, penye mtandao wa kasi, akapakua picha alizozihitaji, akazipunguza ukubwa, akaziweka kwenye flashi, na Mzee wa Waya akazihamishia kwenye simu chache za shule. Darasani ziara ikawa haihitaji mtandao hata kidogo. Aliwaonyesha wanafunzi kona ndogo tu ya picha, mpasuko wa mti au msumari uliopinda, wakakisia ni kitu gani kabla ya kuona picha nzima. Aliwapanga wawili wawili na kuwakalisha mgongo kwa mgongo. Mmoja alishika picha na kueleza anachokiona, mwingine akachora kwa kusikia tu. Michoro ilitoka vituko, vigoda vyenye masikio na mitungi yenye mikia. Baada ya kicheko, kila mmoja aliandika maelezo ya kile chombo kwa sentensi tatu, wakayabandika ukutani pamoja na michoro, darasa likageuka makumbusho.

Jioni Kipaza alitaka habari.

"Enhe, wanao leo wameona nini?"

"Kigoda. Kile chenye mguu uliotiwa kiraka."

"Safi. Na mimi walinisikiaje?"

"Wewe tulikukata."

"Mke wangu! Unanikata mbele ya watoto wa watu?"

"Una uzito, baba. Picha ya kigoda imeshafika, imekaa, imepoa, wewe bado unazunguka."

"Kumbe hata mtandaoni nimenenepa!" Akacheka mpaka kifuniko cha sufuria kikatetemeka, au ndivyo mkewe alivyopenda kusema.

Kisha makumbusho yakawaita walimu kutoa maoni. Mwalimu wa Historia alisimama mbele ya wenzake na kusema aliyoyajua kwa vitendo. Shule nyingi zina mtandao wa kusuasua. Picha zipunguzwe ukubwa. Mtu aweze kuipakua ziara mara moja na kuitumia popote bila bando. Na sauti iondolewe, maelezo yaandikwe chini ya picha, kwa kuwa maandishi ni mepesi na mwanafunzi anaweza kuyarudia mara nyingi apendavyo. Walimu walipiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa amesimama nyuma mlangoni, amevaa sare ya watembeza wageni.

"Umenifukuza kazi kistaarabu sana," Kipaza alimwambia njiani wakirudi.

"Nani kakufukuza? Wao wasome, mimi ninaye mwenyewe nyumbani."

"Maneno hayo uyaandike."

"Nikuandikie cheti kabisa."

Msimu wa baridi ulipofika, Kipaza alianza kukohoa. Alisema ni vumbi la stoo. Hospitali wakasema sivyo. Ugonjwa ulianza kwa kuchukua kile alichokuwa nacho kwa wingi. Sauti ilikwaruza, ikashuka, ikabaki mnong'ono, na mwalimu akajifunza kusoma midomo ya mtu ambaye zamani alisikika mpaka barabarani. Mwishowe hata midomo ikatulia. Wakamzika, ndugu wakakaa, ndugu wakaondoka, na nyumba ikawa na ukimya ambao redio haikuweza kuujaza.

Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu akilia.

"Mama, una sauti ya baba popote? Nimepekua simu yangu yote."

Mwalimu naye alikuwa amepekua yake. Kipaza hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Yeye alipiga simu, na simu ikikatwa haibakishi kitu. Ilikuwepo video moja ya harusi ya huyo binti, ambamo baba alionekana akitoa nasaha, mdomo ukifunguka na kufungika, huku muziki umemmeza kabisa.

"Ipo," mwalimu alisema. "Ipo makumbusho, kwenye ziara. Subiri nipate moyo wa kuifungua, nitakutumia."

Moyo ule ulichelewa. Alijua sauti iko pale, na kujua huko kulimtosha kwa muda, kama mtu mwenye akiba asiyetaka kuigusa. Muhula ukapita. Siku moja baada ya vipindi alimwendea Mzee wa Waya.

"Mwalimu mwenzangu, nizimie kompyuta nyingine zote. Nataka mtandao wote uwe wangu leo."

"Unataka kupakua dunia?"

"Nataka kumsikia mume wangu."

Mzee wa Waya hakutania tena. Alizima mashine moja baada ya nyingine, akampa vipokea sauti vya masikioni, akatoka na kuufunga mlango taratibu.

Mwalimu alivaa vile vifaa, akabonyeza, akajiandaa kusubiri. Hakusubiri. Ukurasa ulifunguka hapo hapo, na haraka ile ikamshtua kuliko ambavyo kukwama kungemshtua. Chumba cha kwanza kilikuja kizima, chepesi, kimenyooka. Akatafuta alama ya spika kando ya mtungi. Haikuwepo. Akahamia chumba cha pili, cha tatu. Chini ya kila picha palikuwa na maandishi machache yaliyopangwa vizuri. Mahali pa ufunguzi paliandikwa kwamba toleo hilo jepesi limetengenezwa kwa kufuata mapendekezo ya walimu.

Aliendelea kukaa na vile vifaa masikioni, akisikiliza ukimya wa ziara aliyoiomba mwenyewe.

Kesho yake alikwenda makumbusho. Dada anayesimamia mambo ya mtandao alimjua, akamkumbatia, akamwita mama, akamvutia kiti.

"Ile ya zamani ilikuwa imehifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni iliyoitengeneza," alieleza. "Mkataba wao uliisha tulipopata hii mpya. Tulichukua picha, tukaandika maelezo mafupi kwa kumsikiliza. Sauti..." Akaigusa simu yake. "Toleo jipya halikuwa na sauti, mama. Hatukuziomba."

"Hata nakala?"

"Ngoja niwapigie."

Alipiga hapo hapo. Mwalimu alisikia upande mmoja tu. Ndiyo. Zile za stoo. Hata zile ghafi? Lini? Aha. Basi, asante. Dada yule aliweka simu mezani kifudifudi.

"Walisafisha mitambo yao mkataba ulipokwisha. Wanasema walitutumia taarifa." Machozi yalimlenga. "Mama, wakati huo alikuwa anakuja kazini kila asubuhi. Tunamsikia kutoka getini. Nani angefikiria kutunza sauti ya mtu ambaye unamsikia kutoka getini?"

Ndivyo alivyofikiri mwalimu pia.

Dada alijaribu kutengeneza kinachotengenezeka. Alivuta kompyuta karibu.

"Maandishi yale tuliyafupisha sana tulipokuwa tunamsikiliza, tukaacha utani wake wote. Tunaweza kuurudisha. Wewe niambie tu alisemaje, chumba kwa chumba, mimi naandika na jina lake naliweka."

Mwalimu akafungua mdomo. Chumba cha kwanza kilianza na "Karibu", hilo alilijua. Halafu? Alitafuta, akakuta kigugumizi cha mtandao na kiduara kinachozunguka. Alijua hadithi za mumewe za mezani, za kitandani, za njiani. Lakini yale aliyoyasema ndani ya stoo ya mablanketi, kwa mpangilio wake na kwa ajili ya watu wote, hakuwahi kuyasikiliza mpaka mwisho. Kila Jumamosi alipokaa penye mtandao wa kasi alichukua picha tu, akaifunga ziara, akarudi nyumbani kwa mwenye sauti.

"Sijui alisemaje," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namkata."

Binti alipopiga jioni, mwalimu alimwambia ukweli wote bila kujipamba. Binti akasema, "Basi mama. Usilie peke yako," wakalia wote wawili, simu ikiwa wazi.

Mtaala haukumsubiri. Mada ya vyombo vya kale ilifika zamu yake, na mwalimu hakuwa na sababu ya haki ya kuwanyima wanafunzi kitu kilichotengenezwa kwa ajili yao. Mzee wa Waya alipakua ziara mara moja tu, akaigawa kwenye simu zote, modemu ikazimwa. Kila kundi liliingia chumba chake. Hakuna picha iliyokwama. Wanafunzi walisogeza vidole, wakakuza nyufa za mitungi, wakabishana kwa raha.

"Mwalimu," aliita msichana wa dawati la mbele, "hii haina sauti?"

"Haina."

"Afadhali! Ingekuwa nayo, tungekaa tunaangalia kiduara mpaka kengele."

Darasa likacheka. Mzee wa Waya, aliyekuwa akikusanya nyaya mlangoni, aliinama zaidi ya ilivyohitajika.

"Ni kweli," mwalimu alisema. "Ingekwama."

Akawakalisha mgongo kwa mgongo. Walioshika picha wakaanza kueleza, wote kwa pamoja, kila mmoja akipaza sauti ili mwenzake asikie, naye akapita kati ya madawati akiwasahihisha wachoraji. Walipofika chumba cha mwisho, simu ya kundi la nyuma ilionyesha swali: Je, ziara hii imekufaa katika kufundisha? Wanafunzi wakamnyooshea simu, kwa kuwa swali lilikuwa la mwalimu.

Alilisoma, akabonyeza Ndiyo, akawarudishia simu.