Pesa Zilivyorudi Chini ya Kiti cha Dereva

Jina lake la nyumbani wengi mtaani hawakulijua. Walimwita Bi Mtandao, kwa sababu kila aliyefika kwenye kibanda chake alianza na swali lilelile, "Mtandao upo?" na yeye akajibu bila kuinua macho, "Upo, njoo." Alikuwa wakala wa pesa za simu, jirani na stendi ya mabasi, katika kibanda cha mabati chenye dirisha la nondo na friji kuukuu la soda. Kwa kazi hiyo aliwasomesha watoto wawili baada ya mumewe kufariki, na hakuwahi kupiga hodi kwa mtu kuomba.

Aliipenda kazi yake. Mtu anakuja na noti zilizokunjamana, kufumba na kufumbua zimemfikia mama yake wilaya ya tatu huko, na mama anapiga simu akishukuru kabla mwanawe hajaondoka dirishani. Bi Mtandao alizisikia shukrani hizo mara nyingi kiasi kwamba aliziona kama sehemu ya kamisheni yake.

Kisha ikaja tozo.

Ilitangazwa redioni asubuhi, na kufikia mchana watu walishaanza kumtukana. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa barazani, mpole ambaye kila Jumamosi alimtumia mama yake matumizi.

"Bi Mtandao, mbona safari hii umenikata hivi?"

"Sijakukata mimi, kaka yangu. Ada ya kampuni ni ileile. Hii ya juu yake ni tozo ya serikali."

"Na mama akienda kutoa?"

Alitamani asijibu. "Atakatwa tena."

Fundi alitazama simu yake kama mtu aliyeonyeshwa jino lake lililong'olewa. "Nimelipa kodi ya biashara. Nimelipa kodi kwenye uzi na kwenye kitambaa. Sasa nalipia kumlisha mama?"

Tozo haikupita hata mkononi mwa Bi Mtandao. Mtambo uliikata wenyewe na kuipeleka ilikokwenda. Lakini serikali haikuwa na dirisha pale mtaani. Dirisha lilikuwa lake, na matusi yakaingilia hapo.

Wateja wakapungua. Hawakugombana naye wala hawakumuaga. Walianza kumpitia kwa salamu ya mbali, bahasha zikiwa kwapani, kuelekea kwenye mabasi. Dereva mmoja wa basi la bara akawa ndiye benki ya mtaa: unampa bahasha na soda ya kumshukuru, naye anaikabidhi mwisho wa safari. Wenye maduka waliokuwa wakipokea malipo kwa simu wakabandika makaratasi, "Tunapokea taslimu tu." Bi Mtandao alikaa na salio limejaa kwenye laini na droo imejaa noti, na hakuna aliyehitaji hata kimoja. Wakala hali salio lake. Anakula kamisheni ya miamala, na miamala haikuwepo.

Afisa wa kampuni alikuja na fulana yake ya rangi kali. "Mama, umeshuka sana. Tatizo nini? Huwachangamkii wateja?"

"Niwachangamkie!" Bi Mtandao alisimama hadi kiti kikaanguka. "Mmekaa kimya wanakatwa kwenda na kurudi, halafu mimi ndiye sichangamki? Nicheze ngoma hapa dirishani?"

Afisa akatazama viatu vyake, akamwachia kalenda, akaenda zake.

Wazo lilitoka kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye naye alikuwa wakala huko bara.

"Wifi, tunakufa na tai shingoni," alimwambia kwenye simu. "Mteja akikupa taslimu huko, nipigie tu. Mimi namlipa mtu wake hapa kutoka kwenye droo yangu. Hakuna kutuma, hakuna kutoa, hakuna tozo. Anatupa kidogo ya asante, tunagawana."

"Na droo yako ikikauka?"

"Unanirudishia kwa basi. Huyo dereva si anabeba za mtaa mzima?"

Bi Mtandao alijua mkataba wa uwakala hauruhusu. Alijua pia ada ya shule ya kitindamimba wake haisubiri mkataba. Akapiga moyo konde.

Ikawa kama zamani. Fundi alirudi, na wengine nyuma yake. Tatizo ni kwamba pesa zilikuwa zikienda upande mmoja tu: wa mjini wanatuma, wa bara wanapokea. Droo ya wifi ikawa inakauka kila mara, ya Bi Mtandao inafurika, na kila mara alifunga noti kwenye kitambaa, akazitia ndani ya mfuko wa unga mtupu na kumkabidhi dereva, naye akausukuma chini ya kiti chake. Kuzituma kwa simu kungemaanisha kukatwa asilimia ileile kwa fungu zima, na hapo asante yote ingeishia huko.

Siku moja basi lilifika bara na mfuko haukuwepo.

Dereva aliapa kwa watoto wake. Walisimama njiani abiria wanywe chai, naye akashuka. Aliporudi hakutazama chini ya kiti. Huenda alisema kweli. Bi Mtandao hakuwahi kujua, na kutojua huko kulimchoma kuliko hasara yenyewe, maana alikuwa amemheshimu mtu yule.

Akaenda polisi. Askari wa kaunta alimsikiliza, kalamu mkononi.

"Una ushahidi gani kwamba ulituma?"

"Sina. Nilimpa mkononi."

"Wewe si wakala? Ujumbe wa simu ungekuwa ushahidi. Kwa nini hukutuma kwa simu?"

"Na wewe afande, za nyumbani kwako unatuma kwa njia gani?"

Askari aliitazama kalamu yake, kisha mlango. Akashusha sauti. "Mshahara ukiingia natoa wote siku hiyohiyo. Nampa kondakta." Akafunga daftari. "Mama, nenda nyumbani. Nikiandika haya, wa kwanza kuulizwa ni wewe."

Alitoka pale na hasira isiyojua imshike nani. Miaka yote, mteja akikosea namba, yeye aliwapigia huduma kwa wateja na mara nyingi pesa zikazuiwa, kisha zikarudishwa. Kila shilingi ilikuwa na alama ya nyayo. Watu walikuwa wametoka kwenye usalama huo kwa kufukuzwa, wakakimbilia chini ya kiti cha dereva, na aliyewafukuza hakupata hata hiyo tozo aliyoitaka. Mtu asiyetuma hakatwi chochote.

Wapokeaji wote bara walikuwa wameshalipwa, hivyo hasara iliwaangukia mawifi wawili. Bi Mtandao aliuza friji na shamba dogo aliloachiwa na mumewe, akamrudishia wifi mtaji wake. Wifi alilia kwenye simu. "Ni mimi niliyekuingiza." Bi Mtandao akamkatiza: "Usijibebeshe mzigo wa watu."

Miezi ikapita, redio ikatangaza tozo imepunguzwa nusu. Afisa wa fulana alikuja mbio. "Mama, sasa wateja watarudi!"

"Wamekwambia?"

Jumamosi fundi cherehani alifika dirishani, pesa zimefumbatwa kiganjani. "Ile njia yetu bado ipo?"

"Haipo. Acha nitume kwa simu. Wamepunguza."

"Wamepunguza leo. Wakiamka vibaya kesho?" Alisema kwa upole, kama anayemwonea huruma. "Fundi viatu pale ana shemeji yake bara. Naye anafanya vilevile."

"Fundi viatu akipoteza je?"

"Nitakuwa nimeibiwa na mwizi, Bi Mtandao. Mwizi hanitangazii redioni."

Akavuka barabara. Bi Mtandao alimwona akiinama kwenye meza ya fundi viatu, akitaja jina la mama yake, na fundi viatu akipiga simu. Alitaka kumwita arudi. Akaishika nondo ya dirisha kwa mikono miwili, akakosa neno moja la kweli la kumwambia.