Sanduku Limejaa

Mwaka ule nilikuwa karani wa ofisi ya afya ya kanisa letu pale Kindu, chumba kimoja kilichotazama ghala za reli. Baba yangu alikuwa ametumikia reli hiyo tangu alipotoka Kasai akiwa kijana. Treni zilikuwa zimekuwa za kubahatisha, posta ilikuwa imekufa, na simu ya mjini ililia siku ilipotaka yenyewe. Ila sisi tulikuwa na ordinatere moja, kompyuta iliyounganishwa na redio, na redio ilikula umeme wa batri zilizochajiwa na jua. Mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, fundi wa redio alifungua njia, na ujumbe wetu ukaruka mpaka kituo cha Nairobi. Huko ndiko ulikopewa njia ya kwenda duniani.

Kila mwezi tulituma barua moja. Aliyeianzisha ni daktari wetu mzee, mtu mnene wa sauti ndogo, aliyeamini kwamba ugonjwa usioandikwa ni ugonjwa ulioruhusiwa. Aliandika habari za vituo vyetu: Kalima kuna nini, Punia dawa gani zimekwisha, Obokote watoto wangapi wameugua surua. Tulipeleka Nairobi nakala moja tu pamoja na orodha ya anwani, na kituo kikaigawa kwa wote: madaktari wa Kinshasa na Bukavu, wauguzi waliohamia ng'ambo, marafiki wa hospitali.

Moyo wake ulipoanza kumsumbua alipata nafasi ya kutibiwa Ubelgiji. Chuo cha tiba alikosoma zamani kilikubali kumpokea kama mgeni, akapewa meza na sanduku la barua katika mashine zao. Viza ilitoka ya mtu mmoja. Mkewe akabaki. Siku ya kuondoka aliingia ofisini amevaa koti la sufu lililomkaa kama la kuazima, akaniambia, "Uniweke kwenye liste, mwanangu. Nisipoisoma hii barua nitakuwa mugonjwa kabisa."

Nikamweka. Mwezi wa kwanza alijibu mistari sita. Wa pili, miwili.

Mkewe, niliyemwita Mama Dokta kama watu wote, alikuja kila siku ya barua. Aliketi kwenye benchi la mbao, akanisubiri nimalize, kisha akaninong'oneza maneno yake machache ya kumpelekea mumewe peke yake, nami nikayaandika kama yalivyo. Mjukuu amezaliwa, ni mvulana, ana masikio yako. Paa la jikoni limeshonwa. Unakula nini huko?

Kesho yake alirudi kuuliza.

"Barua iliingia?"

"Iliingia, mama. Haikurudi."

"Na isiporudi, njo kusema ameisoma?"

"Njo vile, mama."

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Barua isiyorudi imeingia sandukuni, basi. Kama kuna jicho lililoipitia, mashine haisemi.

Niliyajua hayo, maana nilifundishwa. Fundi mmoja wa Kikenya aliyekuja kutufungia mtambo alikaa siku tatu, akanionyesha notisi zinazorudi wakati barua imeshindwa kufika. Zilikuwa za Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. "Usiogope maneno mengi ya juu," aliniambia. "Teremka. Tafuta anwani iliyokataa na sababu yake. Tazama namba: ikianza na tano, mlango umefungwa. Ikianza na nne, ngoja." Nikaandika kwenye daftari. Mashine isiyojulikana: kwanza kagua kama umekosea herufi. Onyo linalokuja saa nne baada ya kutuma: barua haijafika lakini wanaendelea kujaribu kwa siku tano, usifanye lolote, wala usitume tena. Mtu hajulikani: mashine ipo, ila mtu huyo hana sanduku pale. Sanduku limejaa: mtu yupo, lakini hatoi barua zake.

"Na akiwa hatoi kwa muda mrefu?" nilimuuliza.

"Hapo ujiulize yuko wapi," akasema, akaendelea kukaza skrubu.

Mwezi wa tatu na wa nne daktari hakujibu. Mwezi wa tano Mama Dokta aliketi kwenye benchi bila kunisalimu vizuri. Alikuwa amekonda. Aliniambia niandike, na safari hii hakunong'ona.

"Andika: kama umepata watu wengine huko, sema. Mimi si mutoto. Usiniache nakaa kwenye dirisha kama mujinga."

Nilisimamisha vidole. "Niandike yote, mama?"

"Yote."

Nikaandika, nikatuma. Siku hiyo hiyo saa kumi jioni lilirudi onyo la kwanza, na baada ya siku tano zikarudi notisi mbili: ya barua ya mwezi na ya maneno yake. Zote zilitaja anwani ya daktari. Nikateremka chini kama nilivyofundishwa. Sanduku limejaa. Matangazo ya chuo yalikuwa yakimiminika humo kila siku, na hakuna mkono uliokuwa ukiyatoa.

Mama Dokta alipokuja nilimwambia, "Iliingia." Lilikuwa kosa la pili, na hili nililifanya nikijua. Niliona aibu usoni mwake, ya mtu aliyesema maneno asiyoweza kuyarudisha, lakini sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba yamerudi. Ningemwambia, angeuliza kwa nini.

Wakati huo surua iliwaka upande wa Punia. Daktari kijana aliyeshika nafasi ya mzee alihitaji redio kwa mambo ya chanjo, na kila tukifungua njia tulikuta notisi zimesongamana. Kila moja ilikuja imebeba barua yetu nzima mgongoni, kurasa nne, ikishuka herufi kwa herufi mpaka batri inalegea. Siku moja ujumbe wa kuomba sindano na barafu ya kuhifadhia chanjo ulibaki mezani kwa sababu saa yetu yote ilimezwa na barua zetu wenyewe zikirudi nyumbani.

"Safisha hiyo liste," daktari kijana aliniambia. Hakupaza sauti. "Kila anayerudisha, toa."

Nikasafisha asubuhi nzima. Muuguzi mmoja wa Bukavu nilikuta nimemkosea herufi moja tu, nikamrekebisha. Mwingine aliyetajwa na notisi sikumwona kabisa kwenye orodha yetu, nikahangaika, mpaka nikakumbuka kwamba mtu anaweza kuamuru barua zake zipelekwe anwani nyingine, na ile ya pili ndiyo inayokataa. Wawili walikuwa hawajulikani, miezi miwili mfululizo. Nikawatoa. Nilipofika kwa mzee nikapita.

Daktari kijana alisoma karatasi ya orodha mpya. "Na huyu?"

"Lake limejaa tu, dokta. Ni la kungoja. Si la kutoa."

Yeye pia alifundishwa na mzee, alishikwa mkono naye katika upasuaji wake wa kwanza. "Basi tungoje," akasema. Akaamuru tu kwamba nimtumie mzee peke yake mistari miwili badala ya barua nzima, ili ikirudi isitulemee. Nilifanya hivyo mwezi wa sita. Ikarudi: limejaa.

Mwezi wa saba notisi ilikuja siku hiyo hiyo, bila onyo, bila siku tano. Namba ilianza na tano. Mtu hajulikani.

Nilikaa mbele ya kioo cha ordinatere. Fundi wa redio, mzee Mwislamu wa Kibombo asiyependa maneno mengi, alisogea akachungulia juu ya bega langu ingawa hakujua Kiingereza.

"Imesema nini?"

"Imesema hawamujue."

"Mutu kama yule? Hawamujue namna gani?"

Kila mashine ina msimamizi wa barua, na anwani yake haibadiliki popote duniani. Fundi wa Kikenya alinifundisha hilo pia: usipoelewa, mwandikie mtu, usibishane na notisi. Nikamwandikia yule wa chuo, kwa Kifaransa. Nikasema sisi ni ofisi ya afya ya Kindu, Zaïre. Tunamtafuta daktari wetu. Sanduku lake lilijaa, sasa halipo. Tafadhali tuambieni kama amehama.

Jibu lilikuja kesho kutwa saa nne asubuhi. Lilikuwa limeandikwa na mtu, si na mashine, niliona kwa namna lilivyoanza, kwa kuomba radhi. Daktari alifariki hospitalini, mwezi ule wa nne. Alizikwa huko na wenzake wa chuo. Waliandika barua mbili za posta kwenda Kinshasa na hawakupata jibu. Anwani yetu ya redio hawakuwa nayo. Ilikuwa ndani ya barua zetu, sandukuni mwake, na hakuna aliyejiona ana haki ya kulifungua. Walipofuta masanduku ya wageni walioondoka, na lake lilifutwa.

Tulikwenda nyumbani kwake watatu: daktari kijana, mchungaji na mimi. Mama Dokta alikuwa akichambua majani ya sombe. Alituona kwenye mlango, akaweka ungo chini polepole, akafuta mikono kwenye pagne aliyojifunga kiunoni, kana kwamba kuna kazi ya kupokea. Mchungaji ndiye aliyesema. Mama Dokta hakulia mara moja. Aliuliza ni lini, akahesabu kwa vidole, akafika kwenye kidole cha tano, akanitazama.

"Maneno yale," akasema. "Ya kumutukana. Aliyakuta?"

"Hapana, mama."

"Usinidanganye. Ulisema iliingia."

"Nilikudanganya siku ile. Ilirudi, mama. Ninayo notisi."

Nilikuwa nimeihifadhi, sijui kwa nini. Za wengine nilifuta. Nilikimbia ofisini, nikaichapa, nikamletea karatasi. Nikaweka kidole kwenye tarehe, kisha kwenye mstari wa chini, nikamtafsiria: limejaa, barua inarudishwa kwa mwenyewe. Chini yake yalikuwepo maneno yake, yote, kama alivyoyasema. Mumewe alikuwa tayari amelala ardhini mwezi mzima. Hakuyasoma. Hakuna mtu aliyeyasoma.

Aliishika karatasi ile kwa mikono miwili. Ndipo akalia, kilio kile cha kuanzia tumboni, majirani wakaanza kuingia uani mmoja mmoja.

Matanga yalikaa siku nyingi, bila mwili, bila kaburi la kuelekea. Nilihudhuria zote, lakini sikuzungumza naye tena hadi alipohamia kwa binti yake. Siku ya kuaga alinishika kichwa, akasema, "Ungeniambia mbele." Miezi miwili alikaa akimkasirikia maiti, na mimi ndiye niliyemwacha akae hivyo kwa sababu nilikosa moyo wa kutamka maneno mawili.

Wiki hiyo nilitoa anwani ya daktari kwenye orodha. Ni kubonyeza mara moja tu. Daktari kijana alisimama mlangoni, akasubiri nimalize, kisha akaniambia barafu ya Punia imefika Kalima, niwaandikie watu wa Punia waende kuichukua.