Kidole cha Mama Mkwe

Kondoo sijawahi kuwapenda. Nilipoolewa kwenye kilima kile juu ya Nyololo, miaka ya hamsini, niliwakuta wanalala jikoni, nyuma ya kizuizi cha fito, wakikohoa usiku kucha. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai Mufindi, akirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba ilibaki ya watu wawili, mimi na mama mkwe wangu. Na kondoo. Mwaka ninaousema nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Miguu ilikuwa imevimba, ukungu wa Juni hauondoki mpaka saa nne, na kazi ilinikuta asubuhi palepale nilipoiacha jana.

Mama mkwe alikuwa mkunga. Watoto wa kilima kizima walipita mikononi mwake, na kwa mila ya pale aliyempokea mtoto ndiye anayemnyoa nywele za kwanza na kumwita "wangu" maisha yake yote. Nilishamsikia njiani akimsimamisha mwanaume mwenye ndevu na kumuuliza, "Wangu, siku hizi husalimii?" Yule mtu akavua kofia. Lakini yeye mwenyewe alizaa mtoto mmoja tu, na huyo ndiye mume wangu. Mjukuu huyu alimsubiri waziwazi, bila aibu. Alikuwa akiniwekea kiganja tumboni huku anaongea na watu mambo mengine kabisa.

Baridi ile wanakondoo walizaliwa wengi, na nyasi zilikuwa zimekauka, ngumu, za kuchoma midomo. Mmoja akaanza kutoa vipele pembeni mwa mdomo. Vikapasuka, vikawa vigaga vyeusi, vinene, vilivyopandana mpaka puani. Kisha wa pili, kisha karibu wote. Midomo ilivimba wakashindwa kunyonya. Waliojitahidi wakawaambukiza mama zao kwenye chuchu, na kondoo mwenye vidonda kwenye chuchu hana huruma na mwanawe. Anampiga teke na kuondoka. Ndipo kazi ilipotuelemea. Tuliwanywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko cha bati, mmoja mmoja, mdomo baada ya mdomo, na tulipomaliza wa mwisho, wa kwanza alikuwa analia tena. Wawili walikufa kwa njaa tu, maana ugonjwa wenyewe si wa kuua. Sikulia. Nilifikiri, afadhali, wamepungua.

Dawa ya kilima kile ilikuwa gunzi na chumvi. Unamshika mwanakondoo kati ya magoti, unamsugua midomo kwa gunzi la mahindi mpaka vigaga vitoke na damu ionekane, halafu unapaka chumvi. Damu ndiyo iliyokuwa dalili kwamba dawa imeingia. Kila nyumba ilifanya hivyo, na mama mkwe alisugua kuliko wote, kwa sababu hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Vigaga vilianguka sakafuni jikoni, tukavifagia kuelekea walikolala kondoo. Vidonda vilirudi vibaya zaidi. Naye gunzi lilimchubua kidole cha shahada, mkono wa kulia, mchubuko mdogo ambao hakuujali.

Baada ya siku kadhaa palitokea kipele chekundu. Kikakua, kikawa duara, katikati peupe na pembeni pekundu, kinachuruzika maji. Maumivu ya kuvuta yakapanda mpaka kwapani. Majirani walipokiona walisema kimeta, na kimeta kwetu ni neno la kufunga mlango. Mmoja akaleta kisu akisema kikatwe mapema. Mama mkwe akamwambia arudishe kisu chake nyumbani.

Bwana mifugo alipita kwa baiskeli akikagua ng'ombe, nikamwita. Alitazama midomo ya wanakondoo, akatazama kidole, akauliza kama tunawasugua. Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi, naye alionekana mtu aliyechoka kueleza jambo lilelile kila kilima. Alisema hicho si kimeta, ni ugonjwa wa midomo ya kondoo na mbuzi, unaingia kwa mtu kupitia ngozi iliyochubuka. Kidole kisikatwe wala kutumbuliwa. Kifungwe kitambaa safi, kitapona chenyewe, ila kitachukua wiki nyingi. Vidonda vya kondoo navyo viachwe, vingepona vyenyewe kama tusingevifumua kila siku. Vigaga vilivyoanguka tuvikusanye na kuvichoma, kwa sababu ugonjwa unakaa ndani yake hata vikikauka. Mimi na tumbo langu nisiwashike tena wale wanakondoo.

Mama mkwe aliuliza swali moja tu, kama anaweza kupokea mtoto.

Bwana mifugo alisema yeye si daktari wa watu, aende zahanati ya misheni. Akaenda, kwa miguu, akarudi jioni. Sista alimwambia asiguse jeraha la mtu wala mtoto mchanga mpaka gaga lidondoke lenyewe na ngozi ya chini iwe nzima. Aliniambia hayo huku akivua kanga ya kichwani, na baada ya hapo akaenda kuwanywesha wanakondoo peke yake, mkono umefungwa, kwa kuwa alisema mkono wake umeshaharibika, hauna cha kupoteza.

Uchungu ulinishika asubuhi moja, kidole bado kinachuruzika. Nilimwomba. Nilimwambia atumie mkono wa kushoto, ajifunge vitambaa vitatu, vyovyote vile, ila asiniache. Niliogopa kufa, nasema kweli, na sikumwamini mtu mwingine. Alisimama mlangoni, mkono wa kulia kausokomeza ndani ya kaniki.

"Mwanangu, nimeona midomo ya wanakondoo," alisema. "Sitamgusa."

Akamwita mke wa seremala, jirani yetu, mwanamke mwenye haraka na mikono mikubwa ambaye alikuwa amezalisha mara chache tu. Mama mkwe alimsimamia kwa maneno tokea mlangoni mpaka mwisho. Mwache aje mwenyewe, usimvute. Sasa shika kichwa. Sauti haikupanda hata mara moja. Mtoto alipolia, wa kiume, jirani alimwinua kumwonyesha, naye akarudi nyuma hatua moja.

Wanakondoo walipona kabla yake. Midomo ikawa laini, wakarudi kwa mama zao, na mimi nikabaki na usingizi wa vipande na maziwa yanayovuja. Yeye alipika, alichota maji, alifua nepi kwa mkono mmoja, lakini mtoto alikuwa akimtazama kwa mbali tu, mikono kaifumbata nyuma. Sijui kama nimewahi kumwonea mtu huruma namna ile, na sikuwa na nguvu ya kuionyesha.

Gaga lilidondoka wiki ya kumnyoa mtoto. Akalichoma. Nilimwambia basi, mkono umepona, amnyoe yeye, nani atasema? Akaniambia mwenye mtoto ni aliyempokea, na mimi nisimfanye mwizi uzeeni. Mke wa seremala akaja, akamnyoa haraka haraka, akambusu utosini, akasema "wangu," akaondoka kwenda shambani.

Ndipo nikampakatisha mama mkwe mjukuu wake, kwa mara ya kwanza. Alimshika vizuri sana, kama anavyoshika watoto wa watu. Kisha akanyoosha kidole kile kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza huku na huku. Ngozi ilikuwa safi, kama haijawahi kuugua.

"Hata kovu halikubaki," alisema. "Siku akiniuliza kwa nini sikumpokea, nitamwonyesha nini?"