Nthiwa Alivyopimwa kwa Jina la Uongo

Mimi ni fundi wa nguo hapa Tawa. Kibanda changu na mashine ya posho ya Nthiwa vilikuwa vinagawana ukuta wa mabati, kwa hivyo nikisema nilimjua, sisemi kwa kuambiwa. Alikuwa mwanamume wa maneno machache, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwa kali, nyusi zimejaa unga. Na hakuwa mwizi. Watu wengi wa posho wanajua kuacha unga wa mtu ndani ya mashine na kujifanya hawaoni. Nthiwa alikuwa anaipiga ile mashine kwa ngumi mpaka unga wa mwisho uingie kwa debe lako, hata wewe mwenyewe unamwambia basi, inatosha, nina haraka. Akina mama walikuwa wanapita mashine nyingine mbili kuja kwake. Nalisema hili kwanza kwa sababu siku hizi watu wanasimulia tu vile alikonda, kana kwamba kukonda ndiyo kazi aliyofanya duniani.

Kikohozi kilimwanza baada ya mavuno ya Februari. Ukimuuliza anasema, "Ni vumbi la unga, Mama Ndeti." Vumbi sawa. Lakini huyo mtu amekula vumbi hilo miaka yote na hakuwahi kukohoa hivyo, kukohoa kwa kushika ukuta. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia. Akatoboa mshipi tundu jipya, akatoboa lingine. Bibi yake Syokau akawa analalamika kwangu kwamba shuka zinaloa usiku kama zimemwagiwa maji, na yeye ndiye wa kufua. Syokau alikuwa bado mdogo, ana mtoto mmoja wa miaka miwili, Mbuvi, na hakujua ni nini anachoniambia. Mimi nilijua. Mjomba wangu kule Kibwezi alianza hivyo hivyo.

Nikamwendea Mama Muthoki. Huyu ni Ndunge, mwenye hoteli ya chai mkabala na mashine, mkubwa kuliko mimi, mtu wa kanisa, na Nthiwa alikuwa anamsikiza kama mama yake mzazi. Nilimkuta anachambua mbaazi nyuma ya hoteli. Nikavuta ndoo, nikakaa, nikashika mbaazi.

"Mama Muthoki, huyu Nthiwa aende apimwe. Hapo kwa kliniki yetu tu. Nimwambie mimi au umwambie wewe?"

Hakuinua kichwa. "Apimwe nini?"

"Kifua. Ni kikohozi cha miezi miwili."

"Sema vile unafikiria."

"Nafikiria TB."

"Na mimi nafikiria ule mwingine," akasema, na sauti akaishusha. "Mtu hakondi hivyo kwa kikohozi. Unataka akaambiwe hapo kwa kliniki, kila mtu amekaa kwa benchi anamwangalia? Yule anayeandika majina tunaimba naye kwaya moja."

"Hata kama ni huo mwingine, si una dawa? Watu wanameza na wanalima. Na TB inapona kabisa. Mjomba wangu alimeza miezi sita, bure, hakulipa hata shilingi. Sasa anauza nyanya na kelele zake zimerudi."

"Mjomba wako ni mkulima. Nyanya mtu anaosha. Huyu anasagia watu unga." Akanitazama sasa. "Wewe mwenyewe, Mama Ndeti, bila unafiki. Ukiambiwa Nthiwa ana TB, utampelekea mahindi yako?"

"Haiambukizi kwa unga. Ni hewa. Ni kukaa na yeye chumba kimoja anakukoholea."

"Mimi nimekuuliza kama utampelekea."

"Nitampelekea."

"Utakuwa peke yako. Mwenye mashine atamtoa kabla ya wiki kuisha, na hizo dawa zako za bure atamezea nini, hewa? Dawa inataka chakula."

Hapo alinibana, na sitasema uongo. Alikuwa anawajua watu wa hapa kuliko mimi. Nikamwambia basi tuanze na Syokau, bibi yake, yeye ndiye analala naye na mtoto yuko katikati.

"Syokau asijue," akasema haraka. "Huyo bado ni msichana. Akisikia tu neno kupimwa atabeba huyo mtoto aende kwao Kitui, na Nthiwa atakufa kwa aibu kabla ya ugonjwa. Wewe unataka kuvunja nyumba ya watu?"

"Nataka mtu apone."

"Na mimi nataka apone akiwa na nyumba."

Tulivutana hivyo mpaka mbaazi zikaisha. Nilipinga mpaka nikakauka koo. Mwishowe akakubali apimwe, lakini si hapa. Atampeleka yeye mwenyewe karibu na Emali, mahali hawajulikani, wajifanye wanaenda kuona spea ya mashine. Nikauliza, na kama watapata kitu, watampata wapi kumwambia? Akasema watu wana simu. Nikaona afadhali hiyo kuliko kukaa.

Walienda Alhamisi. Kule, Nthiwa alipoulizwa jina akababaika, na Mama Muthoki akamjibia: Peter Musau. Kijiji akataja cha uongo. Kitambulisho wakasema kimesahaulika nyumbani. Muuguzi hakuwafukuza. Akawaandikia, akampa kikopo, akamtoa nje kwa hewa, akamwonyesha kuvuta pumzi na kukohoa kutoka chini, si mate ya mdomoni. Akasema kikopo kitapelekwa maabara ya hospitali kubwa na watapigiwa simu, na wasiposikia kitu wasikae, warudi. Namba ya simu Nthiwa alitoa ya kweli. Angalau hiyo. Halafu wakamuuliza kama anataka kupimwa na ukimwi pia, akadungwa kidole, na jibu la hilo likatoka papo hapo.

Mama Muthoki alirudi na mkate mkononi na uso wa harusi. "Hana," akaniambia hata kabla ya kuketi. "Nilikuwa nakosa usingizi bure. Hana."

"Hana nini?"

"Si huo ugonjwa. Damu yake ni safi."

"Na kikopo?"

"Kikopo ni mambo ya kikohozi, Mama Ndeti. Wakiona kitu watapiga."

Tangu hapo ukimgusia kliniki Nthiwa anacheka na kukohoa. Kwake yeye alishapimwa akaonekana mzima. Ule ugonjwa aliokuwa anauogopa hakuwa nao, na ule aliokuwa nao hakuuogopa. Mimi nilikuwa namuuliza kupitia mabati, "Hawajapiga?" Ananijibu, "Wangepata kitu si wangepiga?" Nikimwambia arudi, alivyoagizwa, ananiambia spea ya mashine haiishi kununuliwa, bibi ataanza kuuliza.

Na walipiga. Hii Syokau alinisimulia mwenyewe, baadaye sana. Nthiwa alikuwa akiacha simu nyumbani ichajiwe kwa sola. Ikalia, Syokau akashika. Sauti ya mwanamke, ya adabu, inamtaka Peter Musau. Syokau akasema hapa hakuna Peter. Kesho yake ikalia tena, mwanamke yule yule, na akasoma namba yote, akauliza kama si hii. Ni hii. "Basi Peter namjua, alikuwa huku Emali juzi. Nina habari yake ya muhimu, tafadhali aje." Habari gani? "Siwezi kukuambia wewe, dada. Ni yake mwenyewe."

Wewe ungefikiria nini? Mume wako amekwenda Emali kutafuta spea, amerudi bila spea, na sasa kuna mwanamke wa Emali anamwita kwa jina lingine na hataki kusema ni la nini. Syokau alifikiria hilo hilo. Mara ya tatu alimtukana yule mwanamke matusi ambayo hata mimi hakunirudishia yote, akaifungia namba isipige tena. Muuguzi alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Siri ya mgonjwa hasemi kwa mtu mwingine, na hata angetuma mtu kwenye kile kijiji alichotajiwa, angeambiwa hakuna mtu kama huyo.

Syokau hakumuuliza mumewe. Akahamia kitanda cha jikoni. Na kwa sababu jikoni kulikuwa na moshi, mtoto akamwachia baba yake. Mbuvi akawa analala kwenye mkono wa Nthiwa kila siku, dirisha limefungwa kwa sababu baba anasikia baridi.

Julai Nthiwa alitapika damu juu ya gunia la mahindi la mteja. Mashine ilikuwa inanguruma na hakuna aliyemsikia, mpaka mimi nikaona mkanda unazunguka bure. Tulimpakia kwa gari la nyanya mpaka hospitali. Huko hawakuhitaji siku nyingi kujua. Walimtenga, wakamwanzishia dawa, na daktari akatuambia mapafu yameliwa sana, kwamba angekuja miezi mitatu mapema angekuwa anatembea. Mama Muthoki alikuwa amesimama karibu yangu. Aliangalia sakafu. Nthiwa alimeza hizo dawa siku tisa, akafa.

Baada ya mazishi watu wa afya walikuja na kupima kila aliyekaa naye. Sisi wote tulionekana wazima. Mbuvi hakuonekana mzima. Ameanzishwa dawa zake, zile za watoto za kuyeyusha kwa maji, na wanasema ataendelea vizuri asipokosa hata siku moja.

Juzi tulikuwa kwa Syokau, mimi na Mama Muthoki, tumempelekea unga. Unga wa dukani, mashine imefungwa. Mtoto alikuwa amelala mapajani pake na mbavu zinaonekana. Syokau akaanza kuongea bila kuulizwa. Akasema kinachomuuma zaidi ni kwamba mumewe amekufa wakiwa hawasemezani, kwa ajili ya mwanamke wa Emali. Hapo ndipo akatueleza zile simu, na kitanda cha jikoni, na jina la Peter Musau.

Mama Muthoki akasema upesi, "Achana na hayo, mwanangu. Ni wakora wa simu. Hata mimi hunipigia."

Nikamwangalia. Nilingoja aseme lingine, nikampa nafasi, kwa sababu lile jina lilitoka kwa mdomo wake na si langu. Akawa anakunja pembe ya leso yake. Nikaona mwanamke huyu mdogo atazeeka akimchukia mtu ambaye hakumkosea.

Nikasema mimi. "Syokau, yule hakuwa mwanamke wa mtu. Alikuwa muuguzi. Peter ni Nthiwa. Alienda kupimwa kifua, na jina alipewa ili watu wasijue."

"Watu gani?"

"Watu wa hapa. Na wewe."

Hakulia. Alimhamisha Mbuvi kutoka paja moja hadi lingine, akamfunika miguu.

"Mimi? Mlinificha mimi kwa nini?"

Ikawa ni juu yangu tena. "Tuliogopa utabeba mtoto uende kwenu."

Syokau akamtazama mtoto mapajani.

"Ningeenda," akasema. "Ningemkasirikia, ningembeba huyu, ningeenda kwa mama yangu. Na saa hii Mbuvi angekuwa mzima."