Maji Saba na Mguu wa Kinanda

Hatibu alikuwa amebakiza mwezi mmoja na siku tatu za kuwa boi, na mwezi huohuo ndio mbwa aliouchagua kuuharibu.

Miezi kumi na saba aliimaliza kama mtu anayevuka mto juu ya gogo: hatazami chini, wala haongei sana. Alifagia, akapiga pasi, akamvua Bwana viatu vyenye tope la shambani. Bwana huyo alikuwa Mjerumani wa shamba la mpira upande wa Mafiga, mrefu, shingo nyekundu, Kiswahili chake cha kuamrisha tu. Ukimwamkia, anakujibu kwa kukutuma. Siku ya mkataba kule bomani Hatibu alichovya gumba kwenye wino akalibandika kwenye karatasi, na tangu hapo mwili mzima ukafuata gumba. Boi asiye na cheti cha kuachiwa, askari akimkuta njiani ni mtoro. Mtoro alipigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha akarudishwa kulekule alikotoroka, kazi ileile, mgongo mwingine.

Kwa hiyo alitaka cheti, basi. Akipate, afike Mlali kabla ya mvua, ashike jembe pamoja na mkewe Mwaisha. Mwaisha alikuwa amelima peke yake msimu mmoja, na kwa wauza mboga waliokuja sokoni alishatuma neno kwamba wa pili halimi peke yake.

Mbwa aliitwa Prinsi. Dume la kuwindia, madoa ya kahawia, miaka mitatu, hajahasiwa, na akitembea anatembea kama ndiye aliyepanda miti yote ya mpira ya Mafiga. Miaka yote hiyo hakuwahi kuchafua ndani. Halafu gari moshi likamleta Bibi, mke wa Bwana, pamoja na masanduku sita yaliyokuwa yamelala bandarini na stesheni, na kila mbwa wa njiani alikuwa ameshayapitia. Yakawekwa sebuleni. Prinsi akayanusa moja moja, taratibu, kama karani anayesoma barua za watu. Kisha akainua mguu.

Toka siku hiyo nyumba ikawa yake. Akaendea mguu wa kinanda, kona ya kabati, pindo la pazia, na hata mwamvuli mpya wa Bibi, uliosimamishwa mlangoni bila kosa lolote. Bibi aliposikia harufu alitoa chupa ya dawa aliyokuja nayo kutoka kwao, dawa ya kusafishia inayoitwa salmiaki, kali, ukiifungua machozi yanakutoka kama umefiwa. Akamwamuru Hatibu asugue kila mahali kwa dawa hiyo. Hatibu akasugua. Kesho yake Prinsi alirudi mahali palepale, akanusa, akakojoa tena, na safari hii kwa bidii zaidi.

Bwana akaamua kuwa kosa ni la boi: hamtoi mbwa nje. Hatibu akaapa kwamba anamtoa alfajiri, adhuhuri na jioni. Bwana akamshika Prinsi, akamsugua pua kwenye mkojo, akampiga kwa mkanda. Alichojifunza Prinsi siku hiyo ni kwamba usikojoe mbele ya Bwana. Akaanza kujificha nyuma ya kinanda.

Ndipo Bwana akasema maneno ambayo Hatibu alilala nayo kila siku: "Mwezi ukiisha na nyumba yangu inanuka, hakuna cheti. Utakwenda boma. Umesikia?"

Alisikia. Hata kinanda kilisikia.

Huko nje nako hakukuwa na nafuu. Ijumaa msikitini watu, wakisikia harufu ya mbwa, walimwachia nafasi pana kuliko ya imamu. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole kama kanzu yake imeshasilimu. Hatibu akacheka pamoja nao, ungefanyaje, lakini alivua kanzu kabla ya kufika kwake, akaifua tena.

Mtu pekee aliyemwelewa alikuwa Severini, mpishi, Mkatoliki wa milimani aliyekulia kwenye vijiji ambako bila mbwa nguruwe-mwitu wanakula mahindi yote na kukuachia mabua. Severini alikuwa akimenya viazi, Hatibu akamweleza kuwa mbwa huyu labda ni mgonjwa wa kibofu.

"Anamwaga kiasi gani?" Severini akauliza.

"Vijiko viwili. Vitatu akifurahi."

"Sakafuni au ukutani?"

"Anainua mguu. Anataka kitu kilichosimama."

"Basi huyo si mgonjwa, wala hajabanwa. Aliyebanwa anaacha dimbwi. Mgonjwa anakojoa ovyo, hata alipolala, na unamwona analia. Huyo wako anaandika jina." Severini akachukua kiazi kingine. "Yameingia masanduku yenye majina ya madume wengine, ameingia mama mgeni, na nyuma ya jiko langu kuna jike lina joto la kutaka dume wiki nzima hii. Wewe ungekuwa dume ungenyamaza?"

Hatibu akamwambia yeye ni dume na amenyamaza miezi kumi na saba.

Severini akasema dawa ya kwanza ni kisu. Kwao dume akihasiwa mapema, mchezo huu kwa kawaida hauanzi. Akihasiwa mkubwa, wengi hupunguza, taratibu, wiki baada ya wiki, na wengine hawaachi kwa sababu imeshakuwa mazoea. Hatibu akakusanya ujasiri, akampelekea Bwana hoja hiyo wakati wa chai. Bwana akaweka kikombe chini. Alikunja miguu kama aliyetishwa yeye. Prinsi, alisema, ni mbwa wa kuzalisha, na boi atakayerudia neno hilo atajuta. Kisu kikaishia hapo.

Zilibaki siku kumi na sita.

Asubuhi moja Hatibu alirudi kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba akakuta Prinsi ametangulia, na mkeka wa kusalia umelowa pembeni. Nyumba ya Bwana na ichafuliwe, siku zake wazichukue, na gumba pia, lakini mkeka! Alimtoa mbwa nje bila kumgusa, akauchukua mkeka hadi mtoni, akaufua kama alivyofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani tangu mtoto: najisi ya mbwa huoshwa maji saba, moja katika hayo yakiwa na udongo safi. Akasugua udongo mpaka ukaingia kati ya ukindu, akasuuza, akasuuza, akahesabu kwa sauti asije akadanganyika, akauanika juani mpaka jioni.

Kesho yake Prinsi akaingia tena kibandani. Hatibu akashika fimbo, kisha akaiacha, akangoja. Mbwa akaufikia mkeka. Akaunusa upande huu, akaunusa upande ule, akaupita kama kiti asichokijua, akatoka.

Hatibu akauinua mkeka, akaunusa mwenyewe: udongo tu. Akakumbuka chupa ya Bibi. Alikwenda sebuleni, akaizibua, akainusa polepole safari hii badala ya kuikimbia. Chini ya ule ukali kulikuwa na harufu aliyoijua: ya zizi, ya mkojo uliolala. Siku zote hizo alikuwa akimwandikia Prinsi barua kwa niaba ya dume lingine, na Prinsi, mbwa mwenye adabu, alikuwa akijibu.

Kumwambia Bibi kuwa dawa yake inanuka mkojo ilikuwa njia fupi ya kufika bomani. Akangoja Jumapili, wenye nyumba walipokwenda kwa jirani yao. Hapo akaleta ndoo za maji na kikapu cha udongo mwekundu, akaanza. Mguu wa kinanda aliufuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, maana ule ubao ukinywa maji ni msiba mwingine. Sakafu ya saruji chini yake akaipaka udongo laini, akauacha ufyonze, akaukwangua, akaosha. Mapazia hayakuweza kupakwa udongo; Severini akatoa siki ya jikoni, wakaichanganya na maji, wakayaloweka, wakayasuuza mara sita na kuyatandaza juani. Masanduku wakayaosha wakayapandisha darini.

Alikuwa kwenye maji ya nne, magoti yake mekundu kama ya mfinyanzi, aliposikia viatu. Bibi alikuwa amerudi mapema, kichwa kinamuuma, na sebule yake ilikuwa shamba.

Akamwita Bwana kwa kelele. Bwana akaingia na kiboko mkononi, kile cha farasi. Hatibu hakuinuka. Kama angeinuka angeonekana anakimbia, na kama angeeleza angetaja chupa.

"Nipe maji matatu tu, Bwana," akasema. "Yakikauka, mwite Prinsi. Akikojoa, nipige hapahapa. Boma mbali."

Labda ni uchovu, labda Bwana alipenda kamari. Akaketi. Hatibu akamwaga ya tano, ya sita, ya saba, akifuta na kupepea kwa kawa la Severini la kufunikia chakula. Mbwa akaitwa. Akaenda moja kwa moja kwenye kinanda, akainamisha pua. Prinsi akanusa sana. Akauinua mguu wa nyuma kidogo, na moyo wa Hatibu ukainuka pamoja nao. Kumbe anajikuna. Akajikuna, akalala juu ya saruji yenye ubaridi.

Siku zilizobaki Hatibu aliishi kama mlinzi wa mbwa. Milango ya vyumba aliifunga. Jike la nyuma ya jiko alilipeleka kwa mwenyewe likafungiwe. Mgeni akija, Prinsi anatolewa kwanza, anazungushwa kwenye miti yote anayoitaka, na akikojoa nje anapewa kipande cha nyama na jina lake linatajwa vizuri. Ndani, akianza kuzungukazunguka kitu, Hatibu anapiga makofi mara moja na kumtoa. Hakumpiga. Mara mbili mbwa aliteleza, kwenye kofia ya mgeni na kwenye gunia jipya, na mara zote mbili maji saba yakaja kabla pua ya Bibi haijafika. Ile chupa ilihamia nyuma ya rafu, na hakuna aliyeiulizia.

Siku ya mwisho ikafika. Hatibu alivaa kanzu safi, akafunga mkeka, akaenda barazani. Juu ya Uluguru mawingu yalikuwa yameshakaa. Mezani palikuwa na karatasi, akaitambua kwa ukubwa kuwa si cheti. Cheti ni kidogo.

"Nyumba hainuki," Bwana akasema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Kazi nzuri. Mbwa anakutii wewe tu. Mkataba mpya, miezi kumi na minane."

Hatibu akasema mvua imefika na mke wake yuko peke yake. Akasema Severini anaweza kufundishwa. Bwana akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akasukuma kile kisahani cha wino.

"Bila wewe itanuka tena," akasema. "Ikinuka, nani atakuwa amekosa?"

Hatibu akatazama njia ya Mlali, ilikoanzia nje ya uzio, nyekundu, haina mtu, na bila cheti ni njia ya mtoro. Kufaulu kwake ndiko kulikomfunga, na kushindwa kungemfunga vilevile, ila kwa kiboko. Aliliangalia gumba. Akalichovya.

Jioni alirudi kibandani na mkeka kwapani. Prinsi alikuwa amemfuata, mkia juu, anapita mbele yake kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni, na alipofika mlangoni akanusa mwimo, akainua mguu, vijiko viwili, vitatu.

Hatibu akaweka mkeka juu ya paa, mbali. Akachukua kikapu cha udongo na ndoo, akapiga magoti, akaanza kuhesabu.